Alama 54 inatoka wapi: maelezo na uchambuzi katika insha ya sayansi ya jamii

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma sosholojia, mwaka wa pili. Tulipewa insha ya maneno 1,500: 'Ni kwa kiasi gani kuwahamishia watu vijijini katika miaka ya 1970 kulisababisha kushuka kwa uzalishaji wa kilimo Tanzania?' Nimesoma vitabu vitano, tarehe zote ziko sahihi, rejea zimekaa vizuri. Nimepata 54, na pembeni mhadhiri kaandika: 'Umeeleza sana, hujachambua.' Mwenzangu aliyesoma vitabu vitatu tu kapata 71. Tofauti ni nini hasa, na hizo alama mnazitoaje?"*

Marahaba. Nianze na alama zenyewe, maana ukishajua zinakotoka utaona kwamba hukukatwa kwa kosa lolote. Kuna kazi ambayo insha iliitaka na haikufanyika.

Msahihishaji wa insha hafanyi kama wa hesabu, anayeweka vema kwenye kila jibu sahihi kisha akajumlisha. Mbele yake ana mwongozo wenye vipengele. Kila idara ina wake, lakini ile niliyoitumia miaka yote inafanana: ufahamu wa mada, hoja, matumizi ya ushahidi, mpangilio, lugha na rejea. Kila kipengele kina kikomo chake, na hapo ndipo wanafunzi wenye bidii kama wewe wanapoumia bila kujua. Maelezo sahihi yanajaza kipengele cha ufahamu wa mada. Yakishakijaza, hayamwagikii kwenye kipengele cha jirani.

Tuseme ufahamu wa mada una alama 25 kati ya 100. Ukitaja tarehe na matukio kumi yaliyo sahihi, pengine utapata 18. Ukitaja thelathini, utapata 20 au 21. Yale ishirini ya ziada yamekula maneno 400 na yamekuletea alama mbili au tatu, na maneno hayohayo ndiyo yangejenga hoja, ambako alama 30 zilikuwa bado ziko mezani. Vitabu vitano dhidi ya vitatu ni hesabu ileile. Hakuna kipengele kinachoitwa idadi ya vitabu.

Katika vyuo vingi vya Tanzania na Kenya daraja la A linaanzia 70, na ukisoma maneno yanayoeleza madaraja utaona ngazi tatu. Insha ya hamsini na kitu inajua mada. Ya sitini na kitu inatumia inachokijua kujibu swali. Ya 70 na kuendelea inapima ushahidi unaopingana, inafikia uamuzi, na inajua uamuzi huo unaishia wapi. Msahihishaji akifika ukurasa wa pili bila kukutana na sentensi inayojibu swali, tayari moyoni ameshakuweka kwenye hamsini, na kazi iliyobaki ni kuamua kama ni 52 au 58.

Sijaisoma insha yako, lakini nimesahihisha nyingi za swali hilo na nina hakika ndani yake kuna aya inayofanana na hii niliyoitunga:

*"Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake kuhusu Ujamaa vijijini. Mwanzoni watu walihimizwa wahamie kwa hiari. Mwishoni mwa 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri. Mamilioni wakahamishwa katika Operesheni Vijiji, na mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya vijiji. Uzalishaji ukashuka na nchi ikalazimika kuagiza chakula kutoka nje. Korosho zilishuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87."*

Hakuna uongo hata mmoja humo. Sasa chukua kila sentensi uiulize: je, kuna mtu mwenye akili timamu, aliyeisoma mada hii, anayeweza kusema "hapana, mimi sikubali"? Sheria ilipitishwa 1975. Hakuna wa kubisha. Korosho zilishuka, hakuna wa kubisha. Aya nzima haina sentensi inayoweza kubishiwa, na kwa hiyo haina sentensi inayohitaji kutetewa. Aya isiyohitaji utetezi ni maelezo. Sentensi kama "uhamishaji uliathiri kilimo zaidi kuliko ukame" ni kitu kingine kabisa. Kuna watakaoikataa, kwa hiyo ukishaiandika unadaiwa ushahidi, na ulipaji wa deni hilo ndio uchambuzi wenyewe.

Angalia pia kile kiambishi -ka-. Akatoa, ikatangazwa, wakahamishwa, ukashuka. Katika hadithi ni kitamu, maana kinaunganisha tukio na tukio na msikilizaji anafuata. Katika insha kinafanya ujanja ambao mwandishi mwenyewe haujui: kwa sababu kushuka kumetajwa baada ya kuhamishwa, msomaji anaachwa aamini kwamba kuhamishwa ndiko kulikosababisha. Hilo ndilo hasa swali lililokuwa linaulizwa, na aya imelipita kwa kiambishi. Mnaandika insha zenu kwa Kiingereza, najua, lakini mazoea ya kusimulia yanavuka lugha pamoja na mwandishi. Kila mahali utakapoona "kisha" au "baada ya hapo" kati ya jambo na jambo, jiulize kama ulitaka kusema "kwa sababu hiyo". Kama ndiyo, liseme waziwazi ulithibitishe.

Tuichukue sasa ile sentensi ya mwisho, ya korosho, tuone inavyoweza kuacha kuwa taarifa na kuanza kufanya kazi. Nimeichagua hiyo kwa makusudi, kwa kuwa imebeba ushahidi mzuri kuliko zote katika aya ile na hakuna kilichofanywa nao.

Ugumu wa swali lako ni kwamba miaka ileile watu walipohamishwa, hasa 1974, kulikuwa na ukame. Mahindi yalipopungua, nani alaumiwe? Ukisema uhamishaji, mtu atakujibu kwamba mvua hazikunyesha. Ukisema ukame, mtu atakujibu kwamba wakulima walikuwa wanajenga nyumba mpya wakati wa kupanda. Sababu mbili zimefika pamoja na mahindi hayawezi kuzitenganisha. Isitoshe, takwimu za mahindi za wakati ule kwa kiasi kikubwa ni za nafaka iliyonunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Mkulima aliyekula mahindi yake au kuyauza kwa njia ya panya haonekani humo, kwa hiyo takwimu ikishuka hujui kama kilichopungua ni mavuno au ni utayari wa kuyapeleka serikalini.

Mkorosho hauko hivyo. Haupandwi kila mwaka, unavumilia ukame kuliko mahindi, na korosho hazijazi tumbo la familia mwaka mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya mavuno lazima iuzwe. Kama ukame wa katikati ya miaka ya 1970 ndio ulikuwa chanzo kikuu, mavuno yangetakiwa kurudi mvua ziliporudi. Hayakurudi. Yaliendelea kushuka kwa zaidi ya miaka kumi. Kushuka kwa muda mrefu namna hiyo kunaendana zaidi na shamba lililoachwa mbali na nyumba. Hakuna anayepalilia, vichaka vinapanda chini ya miti, moto wa kiangazi unapita, na korosho zinazodondoka haziokotwi kwa sababu mwenye shamba anatembea saa kadhaa kulifikia.

Ukifika hapo umeshatoka kwenye hamsini. Umeacha kusema kilichotokea, umeonyesha kwa nini ushahidi mmoja unaamua jambo ambalo mwingine hauwezi kuliamua. Wanafunzi wengi wazuri wanasimama hapo kwa furaha, wanapata 64 au 66, na wanashangaa iliyobaki iko wapi.

Iliyobaki iko kwenye kujibisha mwenyewe. Mkoa wa Mtwara, ulio katikati ya eneo la korosho, ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye vijiji vingi vya Ujamaa vilivyoandikishwa hata kabla ya amri ya 1973. Na bado msimu wa 1973/74 ndio uliotoa zile tani 145,000. Kama kukaa kijijini kunaua korosho, ilikuwaje kilele kikaja baada ya watu wengi kuhesabiwa kuwa wako vijijini? Ukweli huu unaiuma hoja yako, na mwandishi mwoga ataufukia. Wewe ulete mwenyewe, uushughulikie mbele ya msomaji. Pengine kuandikishwa hakukuwa sawa na kuhama kweli. Pengine miti iliyopandwa miaka ya 1960 ilikuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye umri wa kuzaa sana, ikafunika hasara ya mashamba yaliyoanza kuachwa. Huwezi kuthibitisha yote katika maneno 1,500, lakini unaweza kusema ni ushahidi gani ungeamua: mavuno ya wilaya kwa wilaya, yakipangwa kwa mwaka ambao watu walihama kweli.

Kisha kuna sababu nyingine mbili. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye maua ya mkorosho, ulitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mkulima alikuwa akilipwa bei ndogo na vyombo vya serikali vilivyonunua zao. Ni vigumu kuulaumu ubwiriunga kwa kushuka kwa misimu ya mwanzo, kwa kuwa kulishaanza kabla haujatambuliwa, lakini bila kuutaja huwezi kueleza kwa nini mavuno yaliporomoka hadi chini kabisa. Uamuzi wako sasa unaweza kuwa na umbo: uhamishaji unaeleza vizuri mwanzo wa kushuka, na unaeleza vibaya kina chake. Hilo ndilo jibu la "kwa kiasi gani". Swali lilitaka kipimo, na hapo umetoa kipimo.

Aya yenyewe ingeweza kusomeka hivi:

*"Korosho zinaturuhusu kutenganisha ukame na uhamishaji, jambo ambalo takwimu za mahindi haziruhusu. Mkorosho huvumilia ukame na haupandwi kila mwaka. Kama ukame ndio ulikuwa chanzo kikuu, mavuno yangerudi mvua ziliporudi. Badala yake yalishuka kutoka takriban tani 145,000 (1973/74) hadi chini ya 20,000 (1986/87), mwenendo unaoendana zaidi na mashamba yaliyoachwa mbali na makazi mapya. Hata hivyo, Mtwara ulikuwa na vijiji vingi vilivyoandikishwa kabla ya kilele cha 1973/74, na tangu mwisho wa muongo huo ubwiriunga na bei ndogo viliongeza uzito wake. Kwa hiyo uhamishaji unaeleza mwanzo wa kushuka vizuri zaidi kuliko kina chake."*

Takwimu ni zilezile mbili za aya ya kwanza. Hakuna kitabu kipya kilichofunguliwa ili kuzipata. Kilichobadilika ni kwamba sentensi ya kwanza inatoa dai, ya pili inalipa msingi wa dai hilo, ya tatu inasema tungetarajia kuona nini kama dai la mpinzani ni kweli, ya nne inaleta kilichoonekana, ya tano inaleta kinachotusumbua, na ya sita inaamua. Msahihishaji akipita hapo anaandika vema tatu pembeni, na vema hizo zinaingia kwenye hoja na ushahidi, siyo kwenye ufahamu wa mada uliokwisha kujaa.

Kuna mtego wa pili ambao nadhani umekunasa pia, kwa kuwa umesoma vitabu vitano. Ni maelezo yaliyovaa nguo za uchambuzi: "Hyden anasema hivi, Shivji anasema vile, Scott yeye anaona hivi." Mwanafunzi anajiona amechambua kwa sababu amejaza majina na nadharia. Kumbe ameacha kusimulia matukio, ameanza kusimulia wasomi. Goran Hyden, mwaka 1980, alidai kwamba mkulima mdogo wa Tanzania hakuwa ameshikwa na dola. Akibanwa aliweza kujitoa sokoni na kurudi kwenye chakula chake. Issa Shivji, mwaka 1976, alielekeza macho kwenye tabaka lililotawala kupitia urasimu wa serikali na maslahi yake. James Scott, mwaka 1998, aliona tatizo katika mipango inayopenda jamii inyooke kwenye ramani, ikadharau ujuzi wa wenyeji. Hayo niliyoyaandika sasa hivi ni maelezo, mazuri tu, na yana thamani ya hamsini na kitu.

Yanakuwa uchambuzi pale unapowakutanisha juu ya jambo moja. Kama Hyden yuko sahihi, korosho, ambazo ni za kuuza, zingeanguka zaidi kuliko mhogo, ambao familia inakula, hata kama mashamba yote mawili yako umbali uleule. Kama Scott yuko sahihi, umbali ndio ungeamua: shamba lililo mbali lingeanguka, liwe la korosho au la mhogo. Hapo umewafanya wasomi wawili watabiri mambo mawili tofauti, na sasa unajua utafute ushahidi wa namna gani. Wasomi wawili waliokutanishwa hivyo wanakupa alama kuliko watano waliopangwa foleni, na nadhani hicho ndicho mwenzako wa 71 alichofanya na vitabu vyake vitatu.

Niseme na upande wa pili, maana mwanafunzi akiambiwa "chambua" mara nyingi anaruka hadi kushutumu. Anaandika kwamba sera ilikuwa ya kijinga, viongozi hawakuwajali wakulima, Nyerere alikosea. Hizo ni hukumu, na sentensi za namna hiyo zinaweza kubishiwa kweli, lakini hazina kitu nyuma yake. Msahihishaji huandika "ushahidi?" na kukupa pungufu ya ulichopata kwa maelezo, kwa sababu maelezo angalau yalikuwa sahihi. Kuna pia anayejificha katika "pengine" na "kwa upande mwingine" hadi mwisho, kila sababu inatajwa kuwa ilichangia, hakuna iliyopimwa. "Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa muhimu" ni sentensi inayonihuzunisha kila ninapoikuta, kwa kuwa mara nyingi aliyeiandika alikuwa na ushahidi wa kuamua ila akaogopa.

Usije ukadhani maelezo yafutwe yote. Msomaji asiyejua Operesheni Vijiji ilikuwa nini hawezi kufuata hoja yako ya korosho, na insha isiyo na historia yoyote inamfanya msahihishaji ashuku kwamba hata mwandishi haijui. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni kwamba kila maelezo yawe na mwajiri. Amri ya 1973 inaingia katika insha yako kwa sababu inaweka tarehe ambayo kushuka kwa korosho kunapimwa dhidi yake. Sheria ya 1975 haijaajiriwa na hoja yoyote katika aya ile. Itoke, hata kama ni kweli na hata kama ulikesha kuitafuta. Kwa maneno 1,500, historia ya mwanzo ikizidi maneno 200 mimi huanza kuwa na wasiwasi.

Chukua insha yako iliyorudi na kalamu. Pembeni ya kila sentensi andika M kama ni maelezo, U kama inatoa dai au inapima. Usihesabu tu, tazama zinavyokaa. Ukikuta M nane mfululizo, hapo ndipo mhadhiri wako alipoandika yale maneno. Ukikuta U tatu mfululizo bila M hata moja, hapo unadai bila kulipa. Halafu rudi kwenye utangulizi uone kama kuna sentensi moja inayojibu swali: uhamishaji ulichangia kwa kiasi hiki, kuliko kile, kwa sababu hii. Kama haipo, nenda kaitafute kwenye hitimisho. Mara nyingi sana iko huko, aya ya mwisho, mstari wa pili kutoka chini, mahali ambapo mwandishi aligundua anachofikiri baada ya kumaliza kusimulia. Ipandishe juu, kisha pitia aya moja moja ukiuliza inaitetea vipi sentensi hiyo. Aya za historia zitaanza kupungua zenyewe, na korosho zitapata nafasi yake.